Bukuru na Butoyi wa Mama Yangu

Niliwahi kula sabuni. Naanza na hiyo kwa sababu ndiyo inayonijia kwanza, na mimi shule niliiacha darasa la pili, sikufika mahali wanapofundisha namna ya kuanza jambo.

Ilikuwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Nilikuwa na miaka kama sita. Mama yangu alikuwa anapika sabuni ya mawese na maji ya majivu. Anakoroga tangu asubuhi, anamimina kwenye kisanduku cha mbao, anangoja igande, halafu anaikata kwa uzi. Siyo kisu, uzi. Alisema kisu kinavuruga kingo. Sabuni yake mpya ilikuwa na rangi ya kahawia inayong'aa, laini, sawasawa na halua niliyokuwa naiona dukani na sijawahi kuonja. Basi siku hiyo akaenda kuchota maji, mimi nikachukua kipande nikauma. Nikauma tena, kwa sababu nilidhani utamu uko ndani zaidi.

Povu lilianza kutoka mdomoni na puani. Mwanamke jirani akaniona, akashika mbavu kwa kicheko. "Njooni muone! Mutoto wa Mama Ciza anafua tumbo!" Wakaja watu, wakacheka wote. Na mimi nikitaka kulia, kila nikifungua mdomo, povu.

Mama hakucheka. Aliiacha ndoo ikamwagika njiani, akanishika kama mtu anayeshika kuku, akanimiminia mawese mabichi kooni na kunipiga mgongoni. Na wakati ananipiga mgongoni hakuita jina langu. Alikuwa anaita watu wengine: "Bukuru we! Butoyi we! Muniachie huyu! Muniachie huyu!"

Nikatapika, nikapona. Mama akarudi kwenye kisanduku chake kukata sabuni, lakini vipande vya siku ile vilitoka vimepinda vyote, yeye ambaye hakuna mtu aliyewahi kuona kipande chake kimepinda. Nilimwuliza, "Mama, Bukuru ni nani?" Akasema, "Niache, nina kazi."

Hilo jibu nililisikia miaka arobaini.

Sasa nieleze, maana anaweza kusoma mtu wa mbali asiyejua mambo yetu. Kwetu Burundi kila mtoto anapewa jina lake peke yake, baba haachi jina lake kwa mwana. Lakini yako majina ambayo baba hayachagui, yanakuja yenyewe pamoja na mtoto. Mke wako akizaa mapacha, yule anayetoka kwanza ni Bukuru, yaani ukubwa. Anayemfuata ni Butoyi, udogo. Wawe wavulana, wawe wasichana, wawe mmoja hivi na mmoja vile, majina ni hayo hayo. Mtoto atakayezaliwa baada yao ni Ciza. Atakayemfuata Ciza ni Misago. Padri ataongeza jina la ubatizo, na hilo ndilo litakaloitwa shuleni, lakini nyumbani na njiani wewe ni Ciza tu, na kila anayekusikia anajua mama yako alibeba wawili kabla yako. Huna haja ya kumwambia. Jina limeshasema.

Na mapacha wana heshima yao. Ukimpa mmoja kitu, mpe na mwenzake. Ukimshonea mmoja gauni, kitambaa kitoke kwenye jora moja na la mwenzake. Hata ukimgombeza mmoja, mwingine naye apate kaneno kidogo asione amesahauliwa. Mtu anayekutana na Butoyi hawezi kupita bila kuuliza, "Na Bukuru iko wapi?" Siyo umbea, ni adabu.

Mimi ndiye Ciza. Dada yangu anayenifuata ni Misago. Bukuru na Butoyi hatukuwa nao.

Kwa hiyo tulikua kama watu waliofika kwenye karamu wakakuta wageni wa heshima hawajaja. Kila Mrundi mle kwenye makazi alikuwa anatuuliza. Wenyeji nao walitaka kujua. Kulikuwa na mzee mmoja Msukuma aliyekuwa ananunua tumbaku, akaniambia, "Kwetu ungeitwa Shija. Kulwa na Doto wako wako wapi?" Nikaona huko nako nimefuatwa. Baba alikufa nikiwa na miaka minne, Misago akiwa bado mgongoni, na ndugu wengine wa baba walitawanyika wakati wa kukimbia. Aliyebaki kujua ni mama, na mama alikuwa na kazi.

Basi nikajitungia mwenyewe. Nilisikia watu wazima wakisimulia jinsi walivyokimbia kutoka Rumonge, kwetu kando ya ziwa, mitumbwi ikajaa, watoto wakapotea pwani. Nikasema, ndiyo hivyo. Bukuru na Butoyi walipotea pwani. Walikuwa wavulana, tena warefu. Niliwaambia watoto wenzangu mara nyingi mpaka mimi mwenyewe nikasahau kwamba hakuna aliyeniambia. Sina aibu kuyasema haya, nimeshakuwa mzee. Ukirudia uongo ukiwa mdogo, unakua nao, unakuwa na kimo chako.

Tuliporudi Burundi mama alikuwa tayari ameinama. Tulipata kipande chetu upande wa Gatete, siyo chote cha zamani, lakini mawese yalikuwepo, na mimi nikajiunga na watu wenye mashine ya kukamua, ile ya kuzungusha kwa mikono, wanaume wawili wanasukuma mti kama ng'ombe. Misago aliolewa karibu, kila siku alikuwa kwetu. Yeye ana ulimi. Nitamfikia.

Siku moja nilishuka ziwani kununua ndagala, wale dagaa wetu. Wanawake walikuwa wanawageuza juu ya vichanja, jua kali, harufu unaijua. Mmoja akaita, "Butoyi! Leta beseni!" Akaja mwanaume mwenye kofia ya nyasi, mvi zimeanza, mikono imechanika na nyavu. Nikamwuliza kama mtu yeyote angeuliza, "Amahoro, mukubwa. Bukuru iko wapi?"

Akaweka beseni chini. "Namutafuta," akasema. "Tangu nikiwa mutoto namutafuta."

Wanawake wakacheka, wamezoea maneno yake. Mmoja akaniambia, "Huyu ametoka Kongo, ng'ambo, anauliza kila mutu. Akikuona na nywele mbili nyeupe anakuuliza kama wewe ni Bukuru."

"Mimi siyo Bukuru," nikasema. "Mimi ni Ciza."

Hapo hawakucheka. Yule mwenye beseni akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, polepole. "Ciza wa nani?"

"Wa mama yangu. Wakubwa zangu walipotea pwani siku ya kukimbia."

Unaona? Nilisema hivyo, bila kusita, uongo wangu wa utotoni. Mwanamke mmoja akapiga makofi. "Yesu! Huyu ni ndugu yako! Butoyi bila Bukuru na Ciza bila Butoyi, sasa munataka malaika ashuke aseme nini?"

Alinisimulia tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Wavuvi wa Kivu ya Kusini walimkuta ufukweni upande wao, mwaka ule ule wa kukimbia. Alikuwa na miaka miwili, au mitatu, hawakujua. Neno alilojua kusema vizuri lilikuwa jina lake. Walimlea, walikuwa watu wa sala, walimpenda, hakuwa na la kulalamika. Lakini walipoelezwa na Warundi maana ya jina lake, wakamwambia, na tangu hapo hakutulia. Alikumbuka kitu kimoja tu: mkono uliokuwa ndani ya mkono wake, mdogo sawa na wa kwake. "Sura sikumbuki," alisema. "Mukono tu."

Nikampeleka nyumbani siku hiyo hiyo. Mama alikuwa amekaa kwenye kirago anachambua maharage. Yule mwanaume akavua kofia, akapiga goti moja, akasema kwa sauti ndogo, "Amahoro, Mama Bukuru."

Lazima uelewe. Mwanamke aliyezaa mapacha, hilo ndilo jina lake la haki. Lakini mama yetu hakulitaka, alikuwa Mama Ciza kwa watu wote. Ungo ukateleza, maharage yakamwagika. Akamtazama yule mwanaume muda mrefu. Halafu akasema, "Umekula?"

Hakuuliza lingine. Na jioni ile alipopakua, kabla ya mtu mwingine yeyote alipakua sahani mbili ndogo, sawasawa, ndagala kumi hapa, kumi pale, akaziweka ubavu kwa ubavu. Moja akamsogezea mgeni. Nyingine ikakaa hapo, haikuguswa na mtu, mpaka baadaye akawaita wajukuu wakala. Nikamkanyaga Misago mguu. Mimi niliona hiyo ni sahani ya Bukuru asiyekuwepo. Nikasema moyoni, amemtambua mwanawe.

Misago alinivuta nyuma ya nyumba. "Kaka, huyu mutu anataka ngazi zetu." Ngazi ndiyo miti ya mawese na matunda yake, tunaita hivyo pwani.

"Hajauliza hata mti mmoja."

"Ndiyo ujanja wenyewe! Anaanza na ndagala, anamaliza na ngazi."

"Wewe ni Misago. Ungeitwa hivyo kama hawakuzaliwa mapacha?"

"Nilizaliwa nyuma ya mapacha, sikuzaliwa nyuma ya Mukongomani."

Hivyo ndivyo alivyo. Lakini baada ya miezi miwili hata yeye alianza kumwita kaka, tena kaka mukubwa, na mimi akaniteremsha daraja. Yule mwanaume alikuwa anakuja kila jioni akitoka ziwani. Alimtengenezea mama kigoda cha kukalia kisichoumiza mgongo. Kwenye mashine alikuja kusukuma mti na mimi, na alikuwa na nguvu kunishinda. Nilikuwa na mkubwa. Sijui kama mtu aliyezaliwa na wakubwa anaweza kunielewa. Watu waliponiuliza njiani, "Ciza, wakubwa wako hawajambo?" nilijibu, "Mmoja tumempata, mmoja bado tunatafuta." Nilitembea kama niliyevaa koti jipya.

Mama alipakua zile sahani mbili kila siku. Hakumwita mwanangu, hakumkatalia kumwita mama. Mara moja nilimwuliza, "Mama, ndiye?" Akasema, "Niache, nina kazi," na hakuwa na kazi yoyote, alikuwa ameketi.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini mimi nilitaka karatasi. Tuliokaa ukimbizini tuna ugonjwa huo, kitu bila karatasi tunaona kitayeyuka. Yule mwanaume hakuwa na karangamuntu, yaani kitambulisho, alikuwa anaishi kwa huruma ya polisi wa pwani. Nikamwambia, twende kwa shefu wa kolini, mkuu wa kilima chetu, mama aseme mbele yake kuwa wewe ni mwanawe, mashahidi watie kidole, halafu komini, ofisi iliyo juu yake, watakuandikia. Yeye alisita. "Tuache kwanza," alisema, "mama amechoka." Nilimsukuma. Nilimsukuma na mama pia. Mama akasema, "Kama ni kusema tu kwamba ni mutoto wangu, nitasema."

Basi tukaenda, mama tumempakia kwenye baiskeli kama mfuko wa ngazi, yule mwanaume anashika nyuma, Misago anafuata na mwavuli. Shefu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya nyumba yake na daftari, watu wengine watatu wanne wanangoja mambo yao. Mtu mzuri, mpole. Hakuwa na nia mbaya kabisa, hilo naapa.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni mutoto wangu."

"Jina lake?"

"Butoyi."

Akaandika. Misago akafunga mwavuli ingawa jua lilikuwa bado kali.

"Sawa. Mahasa wanaandikwa wote wawili," shefu akasema, mahasa ndiyo mapacha, "hata yule aliyepotea. Huwezi kuandika Butoyi peke yake, itaonekana kosa. Bukuru alikuwa muvulana ao musichana?"

Swali la kujaza mstari. Mama angejibu neno moja lolote. Muvulana. Musichana. Lolote lingetosha, mapacha wanaweza kuwa mchanganyiko, hakuna ambaye angeinua kichwa. Lakini hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo maishani mwake, hata mimi, mimi niliyeuliza kila kitu, kwa sababu nilishawafanya wavulana warefu.

Mkono wa mama ulikuwa juu ya mkono wa yule mwanaume. Shefu akangoja na kalamu.

"Walikuwa wasichana," mama akasema. "Wote wawili."

Shefu akafuta kitu, halafu akaacha kufuta.

Aliyoyasema mama baadaye nitayaweka hapa, maana mwisho sitaki kuyaweka. Alinieleza wiki ile, akiwa amegeukia ukuta. Bukuru na Butoyi wake waliishi miezi minane. Walikufa kwa surua baada ya kuvuka ziwa, mmoja Jumatatu na mwingine Jumatano, naye aliwaosha kwa mikono yake na kuwafunga kwenye khanga moja iliyokatwa katikati, ili mmoja asipate kikubwa kuliko mwenzake. Hakulia. Bibi yake alikuwa amemfundisha kwamba mapacha wakililiwa kwa sauti wanageuka kutazama nyuma, na wakitazama nyuma wanamwita anayewafuata. Sijui kama wengine wanaamini hivyo, kwao waliamini. Na mimi nilikuwa tayari tumboni. Kwa hiyo alinyamaza miaka yote, kwa ajili yangu, na mimi nikidhani ananificha. Zile sahani mbili, zote mbili zilikuwa za wale wasichana. Yule mwanaume alikula ya mmoja wao, wajukuu wakala ya mwingine. "Aliniita Mama Bukuru," alisema. "Tangu niwazike hakuna aliyeniita. Nilikuwa tayari kumupa jina, kumupa na chakula chao. Nilikuwa tayari kudanganya serikali. Lakini ilikuwa ni mara ya kwanza mutu kuniuliza habari zao, Ciza. Ningewageuza wavulana mbele ya watu?"

Hayo nilikuwa siyajui pale kwenye benchi. Pale nilichosikia ni Misago akisema, "Yesu wangu," na mmoja wa waliokuwa wanangoja akikohoa. Mimi nikaanza kuropoka, kwamba mama amezeeka, kwamba anachanganya, kwamba aulizwe tena. Ndiyo, nilisema hivyo juu ya mama yangu, mbele yake. Shefu akanitazama akiona ninachofanya.

Yule mwanaume ndiye aliyenigusa bega. "Acha, mudogo wangu," akasema. "Hajachanganya."

Akachuchumaa mbele ya mama. Mama alikuwa hajautoa mkono wake, mwanaume ndiye aliyeutoa, akauweka juu ya goti la mama taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. "Walikuwa wanafanana?" akamwuliza.

"Sana," mama akasema. "Bukuru alikuwa na alama hapa." Akagusa sikio lake.

"Sawa, Mama Bukuru."

Nikamwambia abaki, tutapata namna nyingine, nitasema mimi, nitatia kidole mimi. Akasema ndiyo, ndiyo, kama unavyomjibu mtoto. Akanisaidia kumpandisha mama kwenye baiskeli, akamkunjia khanga isiingie kwenye mnyororo, akamwambia Misago afungue mwavuli, jua linampiga mama. Misago akafungua. Yule mwanaume akasema kuna nyavu amewaachia wenzake, anaenda kuziona mara moja, atatukuta nyumbani. Jioni ile mama alipakua sahani zake mbili kama kawaida.

Lakini hapo barabarani nilikuwa sijajua kwamba hatarudi. Nilishika usukani wa baiskeli, nikageuka mara moja kumtazama. Alikuwa ameshavaa kofia yake ya nyasi, anateremka kwa njia ya ziwani, hana haraka, mkono mmoja mfukoni na ule mwingine umening'inia ubavuni, vidole vimefunguka kidogo.